RISALA YA KAMATI YA ZAHANATI KWA MGENI RASMI, SIKU YA AFYA YA KIJIJI

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Diwani, Mwenyekiti wa Kijiji, wazee wetu, akina mama na watoto, asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo.

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako mjini Tanga na kuja kwetu kwa barabara uliyoiona mwenyewe.

Zahanati hii ilianza na chumba kimoja kilichojengwa kwa nguvu za wananchi. Leo ina vyumba vinne, tanki la maji, mabenchi mapya sita, na jokofu la chanjo la umeme wa jua ambalo halijazimika hata siku moja tangu lifungwe. Muuguzi wetu huandika joto lake asubuhi na jioni, na halijatoka kati ya nyuzi 2 na 8. Kwa hiyo, Mheshimiwa, hatukuja kuomba jokofu. Tunaomba kilichomo ndani yake.

Kichupa cha chanjo ya surua na rubela kina dozi 10. Ni unga, kikishachanganywa na maji yake hakivuki saa 6, na kliniki ikifungwa kabla ya hapo, kinachobaki kinamwagwa. Hakifanani na pentavalenti, ambayo ikitunzwa vizuri na kuandikwa tarehe ya kufunguliwa hutumika hadi siku 28. Hata alama ya joto, ile inayobadilika rangi kichupa kikipata joto, inatofautisha: kwenye pentavalenti imebandikwa kwenye lebo, kwenye surua iko juu ya kifuniko, na kifuniko kikitoka imekwenda nacho.

Kliniki yetu ni kila Jumatano. Kwa mwezi tunao watoto 6 waliofikisha miezi 9 na 6 waliofikisha miezi 18, jumla dozi 12. Wanakuja watatu watatu. Kila Jumatano tukifungua kichupa, mwezi mzima ni vichupa 4, yaani dozi 40. Zinazoingia mikononi mwa watoto ni 12, zinazomwagwa ni 28, sawa na asilimia 70. Lakini mgao wetu unakadiriwa kana kwamba tunapoteza asilimia 40 tu: dozi 12 zinakuwa 20, na tunapewa vichupa 2. Hesabu hiyo inafaa kituo chenye foleni. Kwetu maana yake ni Jumatano mbili bila chanjo ya surua.

Hapo ndipo muuguzi anapobanwa. Utaratibu unamtaka afungue kichupa hata kwa mtoto mmoja. Akifungua, anaulizwa kwa nini upotevu uko juu. Asipofungua, mama aliyelipa nauli ya mtumbwi kutoka ng'ambo ya mto anaambiwa aje wiki ijayo, na wengine hawarudi. Tumewafuata nyumbani, tunao majina ya watoto kwenye daftari. Tulijaribu pia kuwakusanya wote Jumatano mbili tu. Upotevu ulishuka, na wa ng'ambo wakapungua, kwa sababu maji yakiwa makubwa siku hiyo hawavuki.

Mheshimiwa, na sisi tuna kosa letu, hatulifichi. Mzigo mpya ulipokuja uliwekwa mbele, wa zamani ukasukumwa nyuma, na vichupa 3 vikaisha muda tukiwa navyo. Sasa kinachowahi kuisha muda kinakaa mbele na kinatoka kwanza. Isipokuwa kimoja: kichupa ambacho mraba wa alama yake umeanza kuwa na giza kimekwisha pata joto njiani, basi hicho kinawatangulia wote, hata kama tarehe yake iko mbali. Mraba ukifikia rangi ya duara linalouzunguka, hakitumiki tena.

Tunaomba mambo mawili. Kwanza, mgao wetu wa surua na rubela uwe vichupa 4 kwa mwezi pamoja na maji yake ya kuchanganyia kwa idadi hiyohiyo, na kimoja cha akiba, ambacho kikishajazwa mara moja hatutakiomba tena mpaka kitumike. Kama vitapatikana vya dozi 5, hata upotevu utapungua. Pili, tusiletewe vichupa vilivyobakiza wiki chache kuisha muda. Vituo vyenye watoto wengi vinaweza kuvimaliza, sisi hatuwezi.

Ombi hili, Mheshimiwa, si jipya. Wageni rasmi wawili waliokutangulia walisomewa, wakasema limechukuliwa. Tuliwapigia makofi, tukala nao pilau, na Jumatano iliyofuata jokofu lilikuwa na nafasi. Kwa heshima zote, tunakuomba kabla hujapanda gari utuachie jina la atakayelishughulikia na tarehe tutakayomtafuta. Katibu wetu ana kalamu.

Tunaomba kuwasilisha.