Meza ya watu wanane, chumba cha watu sita

Wateja wengi wanaoingia karakana yetu hapa Kisumu huanza na idadi: "Nataka meza ya watu wanane." Sisi tunauliza kwanza upana wa chumba, na mlango wa jikoni uko upande gani. Idadi ya watu inaamua urefu wa meza, lakini nafasi ya kupita ndiyo inayoamua kama hao watu wataketi kweli.

Chukua nyumba ya mteja mmoja wa Mamboleo. Nyumbani wako watano, na wikendi wageni wakija wanafika wanane. Sehemu ya kulia ina upana wa sentimita 270 na urefu wa 330. Mlango wa jikoni uko kwenye ukuta mfupi, na kabati la vyombo lenye kina cha sentimita 45 limeegemea ukuta mrefu. Alitaka meza ya futi 6 kwa futi 3 na nusu.

Ukitoa kabati, upana unaobaki ni 225. Meza yenyewe inakula 107. Zinabaki 118, yaani 59 kila upande. Mtu aliyeketi huchukua karibu 50 kutoka ukingo wa meza kwenda nyuma, na anapotaka kuinuka kiti kinahitaji kama 75. Kwa hiyo meza ingeingia, viti vingeingia, kisha watu wangekwama humo ndani wakingojea wa mwisho ainuke kwanza.

Tena huku kwetu kuna jambo ambalo vipimo vya kwenye katalogi havilijui: kabla ya kula, mtu hupita nyuma ya viti na jagi na beseni akinawisha mikono. Sentimita 90 kati ya meza na ukuta zinamwacha apite kwa ubavu. Ukimpa 110 anapita vizuri bila kummwagia mgeni maji mgongoni.

Basi kabati tulilihamishia sebuleni, na upana wa meza ukashuka hadi futi 3, yaani kama sentimita 90. Hapo sikupenda kupunguza zaidi. Sahani na mkono wa mlaji huchukua kama 35 kila upande, kwa hiyo katikati inabaki 20 tu ya ugali, samaki na mboga. Kuna meza nyembamba za sentimita 75 ambazo hupendeza sana dukani. Ukipanga sahani pande zote mbili, sinia la samaki halina pa kukaa.

Upande wa dirisha tukaweka benchi badala ya viti. Benchi linasukumwa lote chini ya meza wakati hakuna anayekula, kwa hiyo upande huo tuliuachia 70 na ule mwingine ukapata 110. Kasoro yake ni kwamba mwenye beseni hapiti nyuma ya benchi. Wa benchini wananawa kabla ya kuketi, na kwa kawaida hao ni watoto.

Urefu ulibaki futi 6. Kila mtu anahitaji kama sentimita 60 za ukingo, kwa hiyo watatu wanakaa kila upande. Mwisho wa upande wa jikoni tuliacha 95, na mwisho wa pili 52, ambapo kiti hakiwekwi. Jumla ni sita kila siku, wa saba kichwani mwa meza chakula kikishaletwa, na wa nane ni mtoto anayebanana na wenzake benchini.

Angalia miguu pia. Meza ya futi 5 yenye miguu minene ya sentimita 8 kwenye pembe huacha 136 katikati. Viti vitatu vya upana wa 45 ni 135. Vitaingia, ila vitagusana, na viwiko vitagombana. Ukiambiwa hiyo ni ya watu wanane, omba viti visukumwe ndani mbele yako.

Meza ya duara? Kwa chumba cha mraba, cha mita 3 kwa 3, naipendelea kuliko ya mstatili. Ya kipenyo cha 120 inaacha 90 pande zote na inaketisha watano bila shida, hasa ikiwa na mguu mmoja wa katikati. Ya 150 inachukua sita hadi saba, ila chumba kiwe na mita 3.3 kila upande. Ukivuka hapo, kufikia sinia la katikati kunakuwa kazi ya kuinuka.

Kabla ya kuja kuagiza, chora meza sakafuni kwa chaki, panga viti ulivyo navyo, mtu mmoja aketi na mwingine apite nyuma yake na beseni. Kisha pima mlango wa mbele, na ngazi kama uko ghorofani. Meza ya futi 6 tunaweza kuifunga miguu kwa bolti ili ifunguliwe na kuingizwa, lakini tuambie kabla fundi hajaweka gundi.