Barua ya wazi kwa Afisa Elimu wa wilaya yetu: warudishieni watoto alama za "habari"

Kwako Ndugu Afisa Elimu,

YAH: ALAMA WALIZOPOTEZA WATOTO KWA KUANDIKA "HABARI" BADALA YA "KHABARI"

Natumaini hujambo pamoja na majukumu mengi ya ofisi. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya msingi huku milimani, mkoani Iringa. Nakuandikia hadharani kwa sababu barua nilizopitisha kwa mwalimu mkuu na kwa afisa elimu kata hazijajibiwa. Zaidi ya hapo, katika kikao cha walimu wa Kiswahili ulituahidi mbele ya wote kwamba suala la "kh" na "h" litatolewa ufafanuzi wa maandishi kabla ya mtihani mwingine kutungwa. Mtihani umeshatungwa, umefanywa na umesahihishwa. Ufafanuzi hatujauona.

Juma lililopita zilirudi karatasi za mtihani wa pamoja wa darasa la saba. Swali moja la alama 10 liliwataka watoto waandike upya sentensi hii kwa kusahihisha tahajia: "Asante kwa balua yako, nimefulahi kupata habari za hali yako." Watoto wangu walifanya kile nilichowafundisha. Waliona "balua" wakaandika "barua", waliona "nimefulahi" wakaandika "nimefurahi", na maneno mengine wakayaacha kama yalivyo kwa kuwa hayakuwa na kosa. Mwongozo wa kusahihishia ulitaka hivi: "Akhsante kwa barua yako, nimefurahi kupata khabari za khali yako." Makosa matano, kila moja alama 2. Mtoto aliyepatia yote kwa Kiswahili Sanifu akaambulia 4.

Ndugu Afisa, naomba tuichukue sentensi hiyo neno kwa neno, kwa sababu ubaya wote wa mwongozo ule umo ndani yake.

Tuanze na "khabari", maana hapo mtunzi ana chembe ya ukweli. Neno hili asili yake ni Kiarabu, na huko linaanza na sauti ya kh, ile inayokwaruza nyuma ya kinywa. Wazee wa pwani, hasa waliosoma chuoni, wanalitamka hivyo mpaka leo, na katika tungo za zamani zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu linaandikwa kwa herufi yake ya kh. Sina ugomvi na mtu wa Unguja, Mombasa au Lamu anayesema "khabari". Hajakosea, ndivyo anavyosema. Lakini swali halikuuliza asili ya neno wala matamshi ya pwani. Liliuliza tahajia sanifu, na hiyo ilishaamuliwa zamani. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa uliichagua Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili Sanifu, na mwaka 1930 ikaanza kazi Kamati ya Lugha ya kusimamia vitabu na tahajia ya nchi zote za Afrika Mashariki. Katika tahajia hiyo neno ni "habari". Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotolewa na TUKI mwaka 1981 inaliingiza chini ya h. Vitabu vya kiada vilivyomo kabatini mwangu, vyenye muhuri wa serikali, vinaandika "habari". Mtoto wa huku anayeamkiwa "kamwene" nyumbani amejifunza neno hilo kutoka vitabu hivyohivyo, halafu anaadhibiwa kwa kuviamini.

Nimesikia mwenzetu mmoja akitetea mwongozo kwa kusema kwamba kama tumebaki na dh ya "dhahabu", th ya "thamani" na gh ya "ghali", basi tubaki na kh pia. Hoja hiyo ina mvuto, ila haina mashiko. Hizo tatu zimo katika tahajia sanifu na kila kamusi inazo. Kh ilikwenda njia nyingine: wasemaji wengi waliitamka h, na tahajia ikafuata midomo yao. Ndiyo maana leo tunaandika hatari, hasara, hofu, huduma, hema, hatua, hati, halisi, hamsini na Alhamisi. Yote hayo yalikuwa na kh kwa Waarabu. Kama "habari" ni kosa, basi na hayo yote ni makosa, na mwongozo ulipaswa kutuambia tukafute vitabu vizima.

Sasa njoo kwenye "khali". Hapa mtunzi hana hata chembe. Kiarabu kina sauti tatu tofauti ambazo sisi tunaziandika kwa h moja: kh ya "khabari", h nzito inayotoka ndani ya koo, na h nyepesi kama ya pumzi. "Hali" ina ile h nzito ya kooni. Haikuwahi kuwa na kh. Ukiitia kh unapata neno jingine kabisa la Kiarabu, "khali", lenye maana ya mjomba. Kwa hiyo watoto wetu walitakiwa kuandika kwamba wamefurahi kupata khabari za mjomba wako.

"Akhsante" nayo ni hivyohivyo. Chanzo chake ni neno la Kiarabu lenye h nzito, maana yake umefanya vyema. Ndiyo maana kamusi zinakubali "ahsante", na zinakubali "asante" ambayo h yake imedondoka. "Akhsante" haitoki Uarabuni wala haimo katika Kiswahili Sanifu. Imezaliwa na watu wanaodhani kwamba kadiri neno linavyokwaruza koo ndivyo linavyokuwa fasaha. Nadhani hicho ndicho chanzo cha mwongozo wote, ingawa sikuwapo ulipoandikwa. Mtu amesikia kwamba "habari" ni "khabari", akaona ameipata kanuni, akaenda akipachika kh kila penye h.

Na kanuni ya namna hiyo haipo wala haiwezi kuwapo. Sauti zile tatu zikishaunganishwa katika h moja, hakuna alama iliyobaki ndani ya neno la Kiswahili ya kukuonyesha ilikuwa ipi. Tazama "hatari" na "haraka". Kwa jicho na kwa sikio zinaanza sawasawa, lakini ya kwanza ilikuwa na kh na ya pili ilikuwa na h nzito. "Hotuba" ilikuwa na kh, "hadithi" haikuwa nayo. "Hasara" ndiyo, "hesabu" siyo. "Hewa" ni ile h nyepesi. Anayetaka kuirudisha kh lazima ajue Kiarabu cha kila neno. Mtoto wa darasa la saba hawezi kudaiwa elimu hiyo, na mwongozo wenyewe umeonyesha kwamba hata mtunzi hakuwa nayo.

Sisemi kwamba kh haina nafasi katika Kiswahili. Inayo, na darasani nawafundisha watoto ilipo. Imedumu pale neno liliposhikamana na dini au na jina la mtu, kwa sababu hapo wasemaji wanaendelea kulisikia Kiarabu chenyewe kila siku na sauti haipati nafasi ya kulainika. Tunaandika sheikh, ingawa shehe nayo ipo. Tunaandika akhera, ingawa ahera nayo ipo. Imedumu katika salamu za "sabalkheri" na "masalkheri". "Kheri" na "heri" zote zinaandikwa, na mwalimu mwenye busara hamkati mtoto kwa mojawapo. Mfano ninaoupenda zaidi ni wa neno lililogawanyika mara mbili. Ijumaa msikitini khatibu anatoa khutba, lakini mbunge akija kijijini anatoa hotuba. Chanzo ni kimoja. Lililobaki mimbarini limeshika kh, lililotoka kwenda mkutanoni limekuwa h.

Lipo pia neno "ruhusa". Waarabu wanasema "rukhsa", kh na s zimeshikana bila irabu kati yake. Mswahili hapendi konsonanti zishikane hivyo, basi ama anatia irabu na kh inakuwa h, tunapata "ruhusa", ama anaigandisha kh kuwa k, tunapata "ruksa". Marehemu Mzee Ali Hassan Mwinyi, Rais wetu kuanzia 1985 hadi 1995, tulimwita Mzee Ruksa, na wapo walioandika Rukhsa. Somo kama hilo watoto wanalifurahia. Wanaliuliza maswali mpaka kengele inagongwa.

Jambo la mwisho ni la majina, na hili linaniuma kuliko alama. Baada ya mwongozo kufika, katika kupitia orodha ya majina ya watahiniwa, mtu fulani aliamua "kusahihisha" na majina ya watoto. Hadija wangu amerudi akiwa Khadija. Kwa asili jina hilo lina kh kweli, ila cheti chake cha kuzaliwa kinasema Hadija, na jina la mtu huandikwa kama lilivyo kwenye cheti chake, si kama lilivyokuwa Uarabuni. Halima naye amerudi akiwa "Khalima". Hilo halipo popote. Jina Halima lina h nzito, sawa na "hali". Baba yake alikuja shuleni na cheti mkononi, amekikunja ndani ya mfuko wa nailoni kwa ajili ya mvua, akiniuliza binti yake atajiungaje sekondari kwa jina lisilo lake. Sikuwa na jibu la kumpa. Jibu liko ofisini kwako.

Wazazi wa huku walichangia fedha za kuchapisha mtihani ule. Wengine waliuza viazi na maharage wakati bei iko chini ili mtoto asirudishwe nyumbani. Walilipia kipimo cha haki cha Kiswahili.

Ndugu Afisa, ninalokuomba ni barua moja tu kwenda shule zote za wilaya. Iseme kwamba "habari", "hali" na "asante" ni sahihi, na swali lile lisahihishwe upya na alama zirudishwe. Kwa kuwa sentensi ilikuwa na makosa mawili ya kweli, kila kosa lipewe alama 5. Barua hiyohiyo iagize kila jina la mtahiniwa lilinganishwe na cheti cha kuzaliwa kabla orodha haijafungwa. Kama ofisi ina shaka na maelezo yangu, BAKITA lipo kwa sheria tangu mwaka 1967 na kazi yake ni kujibu maswali kama haya. Waulizwe. Ila orodha ya majina isisubiri jibu lao, maana ikishafungwa Halima atafanya mtihani wa taifa kwa jina la mtu asiyekuwapo.

Warudishieni watoto alama zao, Ndugu Afisa. Uliahidi kutuandikia. Tuandikie.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Kiswahili, darasa la saba
Nyanda za Juu Kusini