Shukrani kwa uliyepiga mstari ukurasa wa 41

Sikujui. Jumatatu nilinunua kitabu chako cha methali kwa shilingi 3,000, kwa muuzaji aliyetandaza vitabu chini kule Posta, Dar es Salaam. Jalada limeguguniwa na panya, lakini ndani ulipiga mstari mwekundu, tena mara mbili: "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Pembeni uliandika: "Mpigie kaka leo."

Mimi na dada yangu tulikuwa tumenuniana tangu Idi, kisa sufuria ya pilau niliyoirudisha bila mfuniko. Ndiyo, mfuniko! Jumatano nikampigia. Akacheka, kumbe aliuona zamani nyuma ya kabati lake, akaona haya kusema. Jumamosi nimekula kwake.

Asante, ndugu yangu. Natumai kaka naye alipokea simu.