Barua kwa wanangu mnaoongoza semina Mwanza

Wanangu,

Juzi mlinikaribisha nikaketi nyuma, nikasikiliza. Mwanafunzi mmoja alisema, "Uvuvi haramu umemaliza samaki ziwani." Kiongozi akamwambia, "Fafanua." Binti akarudia yaleyale kwa maneno mengi zaidi. Simlaumu kiongozi, nami nimelisema neno hilo miaka mingi. Tatizo lake ni kwamba halimwonyeshi mtu pa kuchimba.

Baada ya kipindi nilimfuata yule binti kwenye benchi, tukaanza upya. Nikamuuliza, samaki gani? Sangara, akasema. Wamepungua idadi, au wamepungua ukubwa? Akanyamaza kidogo, kisha: "Ukubwa." Umejuaje? Mjomba wake anauza kayabo, yaani sangara wa kukaushwa kwa chumvi, katika soko la Mwaloni Kirumba, na sangara anaopata siku hizi ni wadogo. Hapo tayari tuna ushahidi, ingawa ni wa mtu mmoja.

Swali lililofuata ndilo wengi wenu mnaliruka, maana mkishapata mfano mnasema "vizuri" na kumpa mwingine nafasi. Nilimuuliza, wale wakubwa huenda wapi? Akafikiri. "Viwandani, kwenye minofu." Basi anachokiona mjomba ni ziwa lilivyo, au ni kile kilichobaki baada ya viwanda kuchagua? Akacheka, akajishika kichwa.

Sikuishia hapo, kwa sababu dai lake lilikuwa na neno "haramu". Hata uvuvi halali ukizidi hupunguza samaki wakubwa. Tungeona nini kama kosa ni la uvuvi haramu hasa? Mwenyewe akasema: tungekuta kwenye mitumbwi sangara wengi walio chini ya sentimita 50, kipimo cha chini cha sheria. Na udogo wa samaki ziwani? Inabidi wapimwe waliovuliwa kwa nyavu za aina ileile mwaka hadi mwaka, kama wanavyofanya watafiti, si kutazama meza ya sokoni.

Mtaona sikuuliza "kwa nini?" hata mara moja. Kwetu, swali hilo likitoka kwa mkubwa linasikika kama karipio, na kijana huanza kujitetea. "Umejuaje?" nalo liulizeni kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli.

Kisha nyamazeni. Mary Budd Rowe, aliyepima jambo hili madarasani Marekani, aliona walimu husubiri kama sekunde moja tu. Wakifika tatu, majibu hurefuka na sababu huongezeka. Mimi huhesabu kwa vidole chini ya meza.

Jibu likianza kupanda sauti mwishoni kama swali, huku macho yakikutafuta wewe, ujue kijana ameacha kufikiri, sasa anabahatisha unachotaka. Mbele ya wenzake, maswali matatu mfululizo yanatosha. La nne liwape wengine: "Nani ana mjomba anayeuza kiwandani?"

Jumanne nitakuja tena, nitaketi palepale nyuma.

Mzee wenu