Barua kuhusu ule usaili wa dawati la msaada

Rafiki yangu,

Uliniomba nikusimulie usaili wangu kabla ya wako. Maswali ya mwanzo yalikuwa mepesi. Kilichonitoa jasho ni pale msaili mmoja alipojigeuza mteja mwenye hasira: "Intaneti imekufa, nina mkutano baada ya dakika kumi, na ninyi kazi yenu kuuliza maswali tu!"

Nikakosea papo hapo. Nikamwambia azime kompyuta na kuiwasha. Akafoka: "Nimezima mara tatu! Unadhani mimi mjinga?" Mwenzake akaandika kitu kwenye karatasi yake, nami nikajua si sifa.

Nikavuta pumzi, nikamwambia: "Pole, mkutano kwanza. Ingia kwa simu yako, kisha turudi kwenye kompyuta." Sauti yake ikashuka. Kabla ya hapo hakuwa anasikia lolote, maana akili yote ilikuwa kwenye zile dakika kumi.

Kuanzia hapo kila swali nililitolea sababu, kwa sababu wasaili hawaoni kilichomo kichwani mwako. "Jirani yako anapata mtandao? Nataka kujua kama tatizo ni la ofisi nzima au la meza yako." Jirani anapata. "Tangu jana kuna kilichobadilika?" Akanung'unika kwamba asubuhi amehamia meza nyingine. Hilo asingelisema bila kuulizwa.

Nikamwomba afungue dirisha la amri, aandike hivi na anisomee namba:

```
ipconfig
```

Akasoma 169.254.18.7. Namba inayoanza na 169.254 maana yake kompyuta iliomba anwani kwa seva ya DHCP, ikakosa jibu, ikajipa yenyewe. Waya ungekuwa umechomoka kwenye kompyuta, angesoma `Media disconnected`. Kwa hiyo waya unagusa kitu, ila hicho kitu hakifiki kwenye seva. Nilitamani kumwandikisha `ipconfig /renew` mara moja, lakini ingeomba tena kupitia njia ileile iliyokatika.

"Fuata waya wako, unaishia wapi?" Kwenye kiboksi kidogo chenye taa, chini ya meza. Swichi! Taa ya upande wa kompyuta inawaka, lakini waya wa kwenda ukutani umelala sakafuni. Akauchomeka, ndipo nikasema aandike `ipconfig /renew`. Ikaja 10.0.4.52, na kurasa zikafunguka.

Wakanibana: na kama waya ungekuwa umechomekwa vizuri? Nikasema ningemhamishia kwenye tundu la jirani linalofanya kazi. Akipata anwani pale, basi kasoro iko kwenye swichi ile, waya wake au tundu la meza mpya. Tiketi ningeipeleka kwa watu wa mtandao nikiwa nimeandika namba ya tundu, anwani aliyosoma na yote tuliyojaribu, wasije wakaanza upya na mteja aliyekwisha kuchoka.

Majibu sijapata. Usaili wako ukiisha niandikie, nijue wewe walikufokea kuhusu nini. Nahisi itakuwa printa.

Wako,
Rafiki yako