Mapokezi ya mwani: kilo zinazopotea kwenye fungu

Assalaam aleikum wanaushirika. Makarani wa mapokezi, naomba msome hadi mwisho, maana malalamiko mengi ya malipo yanaanzia kwenye mizani.

Tuseme fungu moja la mwani aina ya spinosum lina mizigo mitatu: mwanachama 014 kilo 62, 027 kilo 48, 031 kilo 90. Mfumo unasoma kilo 200. Mnunuzi akipima anapata 188, kwa sababu mwani umeendelea kukauka ghalani. Akilipa shilingi 1,000 kwa kilo, zinaingia 188,000. Tukilipa kwa kilo za stakabadhi, tunakosa 12,000. Basi mfumo unagawa 188,000 kwa 200, kila kilo inapata 940: 014 anachukua 58,280, 027 anachukua 45,120 na 031 anachukua 84,600.

Hesabu hiyo ni ya haki iwapo mizigo yote ilikauka sawasawa. Kama wa 031 ulikuwa mbichi, wenzake wawili wanamlipia maji yake, na hilo linaniuma. Kwa hiyo shika mwani wa katikati ya gunia, si wa juu tu. Ukiwa laini na kiganja kikalowa, usiuingize kwenye fungu. Urudi chanjani, upimwe upya ukikauka. Toa uzito wa gunia kabla ya kuandika.

Ukikosea kilo, usifute stakabadhi ya mwanzo. Andika ya marekebisho yenye nambari ileile ya fungu, kabla fungu halijafungwa. Likishafungwa, malipo ya kila mtu yameshakokotolewa.