Siku 3 kwa mistari 6: kwa nini bili yetu iko hivyo

Mteja ametuandikia kwa hasira, na si wa kwanza: "Mmekaa siku 3, mkabadilisha mistari 6 ya msimbo. Huu si wizi?" Mistari ni 6 kweli, na kuiandika hakukufika nusu saa. Muda uliobaki tulikuwa tunatafuta mahali pa kuiandika, na sehemu yake kubwa tulikuwa tunafumua njia ya mkato aliyoipita mwenyewe kabla ya kutuita.

Mfumo wake ni wa oda. Ombi la mnunuzi huingia langoni, likaenda huduma ya oda, kisha huduma ya punguzo, nayo ikauliza huduma ya bei. Baadhi ya wanunuzi walisubiri sekunde 3 na nusu wakibonyeza "Lipa". Wengine hawakuona tatizo lolote. Dashibodi za vipimo zote zilikuwa za kijani. Huduma ya bei ilijibu kwa wastani wa milisekunde 40, na logi zake zilijaa "imefaulu". Kila huduma ukiihoji peke yake, haina kosa.

Hapo ndipo tunapofuata nyayo za ombi lenyewe. Likiingia hupewa namba, na kila huduma inayolipokea inapaswa kuipeleka mbele:

```
traceparent: 00-4bf92f3577b34da6a3ce929d0e0e4736-00f067aa0ba902b7-01
```

Kundi lile refu ni namba ya ombi zima, haibadiliki tangu mwanzo hadi mwisho. Linalofuata ni namba ya hatua iliyotuma, nayo hubadilika kila ombi linapovuka. Kila huduma huandika hatua yake ilianza lini, iliisha lini na ilitumwa na nani. Zikipangwa pamoja, unaona muda umeliwa wapi.

Mteja wetu alikuwa ameshafunga OpenTelemetry, zana ya kurekodi nyayo hizi, ila kwenye huduma 2 tu alizoziita kubwa: lango na oda. Aliona oda ikiisubiri punguzo milisekunde 3,200, akaihukumu punguzo palepale, akaiongezea seva mara mbili. Muda haukupungua hata chembe, na zile seva aliendelea kuzilipia.

Tuliifunga kwenye huduma 2 zilizobaki pia, na bado uzi wa nyayo ukakatika. Punguzo iliiita bei kupitia msimbo wa mkono ulioachwa na fundi aliyekwishaondoka, na msimbo ule haukuibeba `traceparent`. Uzi uliokatika tunautambua hivi: kwenye mchoro wa muda, huduma ya katikati inaonekana kama ubao mrefu usio na kitu ndani, na ile inayofuata ina maombi yasiyo na mzazi, kana kwamba yameshuka toka hewani. Tulipoushona, ubao ukafunguka ukawa ngazi ya vipande 80, kila kimoja milisekunde 40, kimoja kikianza pale mwenzake anapoishia. Kikapuni mlikuwa na bidhaa 80, na punguzo iliuliza bei moja moja. 80 mara 40 ni 3,200. Seva za ziada zingesaidia nini, ikiwa swali la pili halitoki mpaka la kwanza lijibiwe?

Mistari yetu 6 inauliza bei zote kwa mkupuo. Jibu hurudi ndani ya milisekunde 110.

Kuna na siku nyingine kati ya zile 3 anazozilalamikia. Ili kubana matumizi, aliuweka mfumo uhifadhi nyayo za ombi 1 kati ya 100, na uamuzi huo hufanyika langoni, kabla hujajua ombi litakuwa la polepole au la. Vikapu vikubwa vilikuwa vichache, kwa hiyo karibu vyote vilitupwa. Tukahamishia uamuzi mwishoni: mkusanyaji, yaani programu inayopokea hatua kutoka kwa huduma zote, anazishikilia kwa sekunde 10, kisha anahifadhi kila ombi lililozidi sekunde 2 au lililoshindwa, na machache tu miongoni mwa maombi mengine. Hilo linakula kumbukumbu ya seva, na hatua zote za ombi moja lazima zifike kwa mkusanyaji yuleyule, la sivyo anaamua akiwa na nusu ya habari. Kulipanga hilo si kazi ya saa moja.

Wala hatusemi mtupe logi. Kazi moja ya zamani, nyayo zilitufikisha kwenye swali la hifadhidata lililochukua sekunde 2, zikaishia hapo. Kilichotuambia kwamba lilikuwa linangoja kufuli lililoshikwa na ripoti ya usiku ni logi, na tuliipata haraka kwa sababu kila mstari ulikuwa na `trace_id` ileile, yaani namba ya ombi zima. Bila namba hiyo tungechambua maelfu ya mistari kwa kubahatisha saa, na saa za seva mbili hazilingani sawasawa.

Siku hizi, kabla ya kutaja bei, tunapitisha ombi moja la majaribio na kuhesabu namba inapotea mara ngapi njiani. Ikipotea mara 4, tunamwonyesha mteja sehemu zote 4, na bili inaanzia hapo.